Kaboni Ina Mikono Minne: Historia ya Ile Michoro Inayotuangusha Kwenye Kwizi za Kemia

Wasee, leo nataka tuongee kuhusu picha. Si picha za insta. Ni ile picha ya swali la kemia iliyopigwa simu usiku chini ya balbu ya manjano, ikatumwa kwenye grupu, mtu akaichukua skrinishoti, mwingine akachukua skrinishoti ya skrinishoti, hadi inakufikia ikiwa kama ukungu wa asubuhi juu ya Msitu wa Kakamega. Chini yake kuna swali: taja kundi tendaji, halafu upe jina la kampaundi. Na wewe huoni hata kama ule ni mstari mmoja au miwili.

Hapa Mukumu, kwenye barabara ya kutoka Kakamega kuelekea Chavakali, likizo zikifika hizo picha huzunguka kuliko nyimbo mpya. Nina binamu wawili wako kidato cha nne, na kwa sababu mimi niliwahi kusoma kemia chuoni kabla sijaacha, kila mtu anadhani mimi ni ofisi ya kutafsiri ukungu. "Bro, hii ni alkanoli ama ni asidi?" Nimeulizwa hilo swali mara nyingi mpaka nikaanza kujiuliza lingine: nani alianzisha hii michoro, na kwa nini inaharibika vile inavyoharibika?

Maoni yangu nayasema mapema. Mchoro wa kemia haukutengenezwa uwe picha ya kuangalia tu. Ulitengenezwa kama hesabu. Ukijua ilikotoka hesabu hiyo, mchoro uliofifia nusu bado unasomeka. Na ukijua hesabu hiyo inaishia wapi, utajua pia lini uache kubahatisha.

Kijana wa miaka 27 na mistari yake

Kabla ya mwaka 1858 wanakemia walikuwa na fomula lakini hawakuwa na michoro kama yetu. Walijua, kwa mfano, kwamba ethanoli ina kaboni mbili, hidrojeni sita na oksijeni moja. Wangeandika C2H6O na waishie hapo. Shida ni kwamba kuna vitu viwili tofauti kabisa vyenye hesabu hiyo hiyo. Kimoja ni ethanoli, ile iliyo kwenye chang'aa. Kingine ni gesi inayoitwa dimethili etha. Fomula moja, tabia mbili. Kwa hiyo ilionekana kwamba si idadi ya atomu peke yake inayohesabika. Nani ameshikana na nani pia ni muhimu.

Mwaka 1858 watu wawili wakasema karibu jambo moja bila kuambiana. Mmoja ni August Kekulé, Mjerumani. Mwingine ni Archibald Scott Couper, kijana wa Uskoti mwenye miaka 27, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya Adolphe Wurtz mjini Paris. Wote wawili walisema kaboni hushika vitu vinne, na kwamba kaboni inaweza kushikana na kaboni nyingine zikafanya mnyororo. Couper ndiye aliyechora vishikio hivyo kwa mistari kati ya herufi.

Lakini manze, karatasi yake ilichelewa. Wurtz hakuwa mwanachama wa Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, kwa hiyo ilibidi atafutwe mwanachama wa kuiwasilisha. Ilipofika mbele ya Akademia mwezi wa Juni, ya Kekulé ilikuwa tayari imechapishwa mwezi wa Mei. Couper akakasirika, akagombana na Wurtz, akafukuzwa maabarani. Alirudi Uskoti, afya yake ya akili ikavunjika, na hakufanya tena utafiti wa kemia hadi alipokufa mwaka 1892. Kila mstari unaouchora kati ya C na C kwenye karatasi ya mok una jasho la huyo jamaa.

Miaka michache baadaye Mskoti mwingine, Alexander Crum Brown wa Edinburgh, akaweka mambo sawa zaidi. Kwenye kazi aliyoichapisha mwaka 1864 aliweka kila herufi ndani ya duara, akaunganisha maduara kwa mistari, na pale atomu mbili ziliposhikana kwa mikono miwili akachora mistari miwili sambamba. Mwingereza Edward Frankland akaichukua michoro hiyo akaitia kwenye kitabu chake cha wanafunzi mwaka 1866, na ikaenea shuleni. Maduara yaliachwa baadaye. Mistari ikabaki.

Sasa shika hapa, maana ndiyo nguzo ya kila kitu kinachofuata. Sheria ya hiyo michoro ni ya mikono. Hidrojeni ina mkono mmoja. Klorini pia mmoja, kwa michoro ya shule. Oksijeni ina miwili. Nitrojeni ina mitatu. Kaboni ina minne. Hakuna mkono unaobaki ukining'inia. Mistari yote inayotoka kwenye C moja lazima ijumlishe nne, na mistari miwili sambamba huhesabiwa kama miwili.

Hii inamaanisha mchoro umesema kitu kile kile zaidi ya mara moja. Ukiandika CH3 mwisho wa mnyororo, ile 3 ningeijua hata kama hujaiandika, kwa sababu kaboni hiyo imetumia mkono mmoja kwa jirani na imebaki na mitatu. Ni kama risiti yenye bei ya kila kitu na jumla chini. Bei moja ikifutika, unaitafuta kwa kutoa.

Ukungu unatoka wapi

Kabla ya simu, mitihani ya shule nyingi ilichapwa kwa stensili. Mwalimu alikwaruza mchoro kwa mkono kwenye karatasi ya nta, wino ukapita pale palipokwaruzwa, na mashine ikazungushwa hadi nakala zikatosha darasa zima. Mistari ikikwaruzwa karibu sana, nta ya katikati hupasuka na wino ukapita pote. Matokeo yake, mistari miwili inakuwa mmoja mnene.

Halafu ikaja fotokopi. Mashine ya kwanza ya ofisini iliyofanikiwa kibiashara, Xerox 914, ilitoka mwaka 1959, na leo huwezi kukosa mashine ya aina hiyo karibu na stendi yoyote. Fotokopi ina tabia yake. Kile kilicho kijivu hafifu hukitupa, na kile kilicho cheusi hukiongeza unene. Ukitoa nakala ya nakala ya nakala, mistari myembamba inakatika na ile minene inavimba. Herufi C inajifunga mdomo ikawa O. Kile kistari cha katikati cha H kinalala upande ikawa kama N. Na ile namba ndogo ya chini, 2 au 3, inageuka nukta.

Simu nayo ina ugonjwa wake. Picha nyingi tunazotumiana ni za muundo wa JPEG, kiwango kilichotoka mwaka 1992. Muundo huo hukata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, kisha ndani ya kila kipande hutupa vitu vidogo vidogo ili faili iwe nyepesi. Uso wa mtu hauumii sana, kwa sababu shavu halina mistari myembamba. Mchoro wa kemia ni mistari myembamba mitupu, kwa hiyo unaumia kuliko kila kitu.

Tupige hesabu. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Ukiipiga picha ijae kwenye pikseli 3000, kila milimita inapata pikseli kama 14. Tuseme nafasi kati ya mistari miwili ya C=C ni nusu milimita: hapo una pikseli 7 za weupe katikati, unaona vizuri. Sasa picha ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 400, kila milimita inapata chini ya pikseli 2, na ile nafasi haifiki hata pikseli moja. Weupe wa katikati unachanganywa na weusi wa pembeni, unapata mstari mmoja wa kijivu. Hapo kuvuta picha kwa vidole viwili ni kazi bure. Hakuna kitu kilichojificha ndani yake.

Lakini ona: ukungu una mpangilio. Huwa hauongezi mstari ambao haukuwepo. Huunganisha miwili kuwa mmoja, hufunga C kuwa O, na hula namba ndogo. Kwa hiyo ukiona mstari mmoja ulio mnene au wa kijivu kipana kuliko wenzake kwenye picha hiyo hiyo, shuku kwamba ni miwili. Usilinganishe na mchoro wa kwenye kitabu. Linganisha na mistari jirani, maana imepita kwenye mashine zile zile.

Tuchukue swali moja tulifanye

Hili hapa nimelitengeneza kwa mtindo wa yale yanayozunguka. Alama # ni mahali palipovimba, na ? ni herufi au namba isiyosomeka.

```
                ?
                #
CH3 - C? - C? - C - ?H
      |
      CH3
```

Wengi wakiona ?H mwisho hukimbilia kusema "OH, basi alkanoli". Tulia. Anza na kaboni moja moja, uhesabu mikono.

Kaboni ya kwanza kushoto ni CH3, imetimia. Ya pili imeshikwa kushoto, kulia na chini. Hiyo ni mitatu. Kama mistari yote ni mmoja mmoja, imebaki na mkono mmoja, kwa hiyo ni CH. Ya tatu imeshikwa kushoto na kulia tu, imebaki na miwili, kwa hiyo ni CH2. Ya nne ndiyo yenye shida: kushoto mstari mmoja, juu ule uliovimba, kulia herufi ya mviringo inayofuatwa na H.

Herufi ya kulia yaweza kuwa O au C iliyojifunga. Kama ni C, imeshika kaboni ya nne kwa mkono mmoja, basi inadai H tatu, iwe CH3. Namba 3 ingeacha hata doa upande wa chini wa H. Hapa H imesimama safi bila doa. Kwa hiyo ni O: mkono mmoja kwa kaboni, mmoja kwa H, imetimia.

Sasa ile ya juu. Ni mviringo pia, na hakuna herufi nyingine kando yake. Kama ingekuwa C yenye H, tungeona H hizo. Basi ni O. Na O ina mikono miwili lakini imeshikana na kitu kimoja tu. Mkono wake wa pili uko wapi? Lazima uende kule kule kwenye kaboni. Kumbe ule mstari uliovimba ni miwili. Sasa jumlisha kaboni ya nne: mmoja kushoto, miwili juu, mmoja kulia. Nne. Hakuna H iliyofichwa.

Kwa hiyo kundi tendaji, ile tunayoita fankshono grupu, si OH peke yake. Ni COOH, kundi la asidi za alkanoiki. OH iliyosimama kwenye kaboni ambayo tayari ina =O haifanyi kazi kama alkanoli. Ukiitia kwenye sodiamu kaboneti, inatoa gesi ya kaboni dioksidi, inachemka povu. Ethanoli haifanyi hivyo.

Jina sasa. Hapa historia inaingia tena. Zamani vitu vilipewa majina ya vilikotoka. Asidi ya fomiki ilipewa jina la siafu kwa Kilatini, ya asetiki jina la siki, ya butiriki jina la siagi. Mpaka leo chupa ya siki supamaketi hutumia hilo jina la zamani. Kampaundi zikazidi, majina yakawa vurugu. Mwezi wa Aprili 1892 wanakemia wa nchi kadhaa za Ulaya wakakutana Geneva wakakubaliana: tafuta mnyororo mrefu zaidi wa kaboni, upe jina la msingi kutokana na urefu huo, halafu mwisho wa jina useme ni kundi gani tendaji. IUPAC, iliyoanzishwa mwaka 1919, ikaendeleza kazi hiyo, na ndiyo hiyo tunaandika kwenye KCSE.

Hesabu mnyororo wetu ukianzia kwenye kaboni ya COOH, kwa sababu hiyo ndiyo namba 1 kila wakati. COOH ni 1, CH2 ni 2, CH ni 3, CH3 ya mwisho ni 4. Kaboni nne, kwa hiyo msingi ni butani. Kuna tawi la CH3 kwenye namba 3. Ukijaza kwenye kwizi, unaandika `3-methylbutanoic acid`. Ukihesabu kutoka kushoto utapata 2, na hapo umekosa maksi ukiwa na kundi sahihi. Kwa wanaopenda kujua, hii asidi ndiyo moja ya zinazofanya soksi za jasho zinuke. Mimi nikiona huo mchoro nasikia bweni.

Hesabu ikikataa kukuambia

Nimesema "kama mistari yote ni mmoja mmoja". Hilo neno *kama* ni kubwa. Tuseme mstari kati ya kaboni ya pili na ya tatu nao umevimba kidogo. Hapo inawezekana ni C=C. Jaribu: kaboni ya pili itakuwa na mikono minne imeisha bila H hata moja, na ya tatu itabaki na mmoja, yaani CH. Unapata CH3C(CH3)=CHCOOH. Jina lake linabadilika, `3-methylbut-2-enoic acid`, na makundi tendaji yanakuwa mawili.

Zote mbili zinakubalika na sheria ya mikono. Risiti zote mbili zinajumlisha sawa. Hapa mtu akikuambia "naona kabisa ni mmoja", anakudanganya au anajidanganya. Unahitaji shahidi wa pili, na mara nyingi shahidi yuko kwenye swali lenyewe ukilisoma hadi mwisho.

Shahidi wa kwanza ni herufi zilizobaki. Kama kando ya kaboni ya pili kuna hata kivuli cha H, ile ya C=C imekufa, maana huko kaboni hiyo haina H. Shahidi wa pili ni masi ya molekuli. Yenye mistari mmoja mmoja ni C5H10O2, yaani 60 + 10 + 32, sawa na 102. Yenye C=C ni C5H8O2, yaani 100. Swali likisema 102, kwisha. Shahidi wa tatu ni maji ya bromini. Yakipoteza rangi yake, kuna C=C. Yakibaki vile yalivyo, hakuna. Watahini hupenda kuweka jaribio kama hilo katika sehemu (b) ya swali, na wasomaji wengi huishia (a).

Kuna kesi ngumu zaidi, ambapo hata masi haisaidii. Angalia esta hii.

```
CH3 - CH2 - ? - ? - CH3
```

Katikati kuna C moja na O moja, zote zimekuwa mviringo, na juu ya mojawapo kuna mkono wa =O. Kama C ndiyo ya kwanza, kampaundi ni `methyl propanoate`. Kama O ndiyo ya kwanza, ni `ethyl ethanoate`. Zote ni C4H8O2. Zote ni 88. Herufi hazikusaidii kwa sababu ukungu umezifananisha. Kitu kimoja tu kinaweza kuamua: ule mkono wa =O umesimama juu ya ipi? Oksijeni iliyoko kwenye mnyororo imetumia mikono yake miwili, kushoto na kulia, haina wa tatu wa kuinua juu. Kwa hiyo palipo na mkono wa juu ndipo palipo na C. Usiangalie umbo la herufi kabisa, angalia mkono uko wapi.

Na kama mkono huo nao umefutika? Hapo hakuna ujanja. Mchoro umekufa. Omba nakala nyingine.

Michoro ya zigizaga, na kafuri ya msitu wetu

Chuoni nilikutana na aina nyingine ya mchoro, ile ya zigizaga bila herufi, ambapo kila kona ni kaboni na hidrojeni hazichorwi. Ni haraka na ni safi. Lakini fikiria tulichosema kuhusu risiti. Zigizaga imetupa bei za kila kitu. Kwenye mchoro wenye herufi, ukungu ukila mstari mmoja wa C=C, zile H zilizoandikwa zitakataa kujumlisha na utajua kuna kasoro. Kwenye zigizaga, ukungu ukila mstari huo, unabaki na alkani halali kabisa. Hakuna kinacholalamika. Mchoro wa uongo unaonekana kama mchoro wa ukweli.

Mfano uko nyumbani. Kando ya Msitu wa Kakamega watu hupanda mmea unaoitwa Ocimum kilimandscharicum, ndugu wa mrihani, na mafuta yake yenye kafuri hutengenezwa dawa ya kupaka inayouzwa kwa jina Naturub. Kafuri ni C10H16O. Wanakemia walibishana miaka mingi kuhusu mchoro wake hadi Julius Bredt alipotoa ulio sahihi mwaka 1893. Unaonekana kama kikapu cha kona, na pembeni kimetoka kijiti kimoja chenye O.

Kijiti hicho kikiwa na mistari miwili, ni ketoni, na ni kafuri. Ukungu ukikifanya kimoja, unaona O yenye mkono mmoja, na akili yako inamalizia H yenyewe. Sasa umesoma alkanoli. Na hiyo alkanoli ipo kweli duniani, inaitwa bonioli, C10H18O. Hujasoma kitu kisichowezekana. Umesoma kitu kingine.

Kinachookoa hapa ni fomula peke yake. Kaboni 10 zikiwa mnyororo ulionyooka bila C=C zingebeba hidrojeni 22. Kafuri ina 16. Zimepungua 6, na kila jozi moja inayokosekana maana yake ni duara moja au mstari mmoja wa ziada. Jozi tatu, basi. Kikapu chenyewe kinahesabika kama maduara mawili. Jozi ya tatu lazima iwe ile C=O. Ungekuwa umepewa 18, jozi zingekuwa mbili, kikapu kingezimaliza, na O ingekuwa ya OH.

Ndiyo maana msimamo wangu uko hivi. Mwalimu au mtu yeyote anayetunga kwizi na anajua itapita kwenye fotokopi na simu, aandike fomula ya molekuli chini ya kila mchoro: C5H10O2, C10H16O, hivyo tu. Haimpi mwanafunzi jibu. Hakuna anayeweza kusoma jina la `3-methylbutanoic acid` kutoka kwenye C5H10O2, kwa sababu kampaundi nyingi zina fomula hiyo, tangu enzi za ile C2H6O iliyowasumbua kina Couper. Inampa tu jumla ya risiti. Na achore mistari miwili ikiwa mbali kidogo, milimita moja badala ya nusu, na H zote aziandike.

Na wewe unayepiga picha: karatasi ilale mezani, simu iwe sambamba nayo, mwanga utoke pembeni, swali moja lijaze skrini nzima badala ya ukurasa mzima. Kisha itume kama dokyumenti, si kama picha, ili isipunguzwe njiani. Binamu zangu sasa hunitumia hivyo, na kabla hawajauliza wananiandikia hesabu ya mikono ya kila kaboni. Wiki jana mmoja alinitumia mchoro uliokuwa na kaboni ya mikono mitano. Tulitafuta ukungu uko wapi tukaukosa. Karatasi ilikuwa safi kabisa, kosa lilikuwa la aliyechapa swali.